Gudwili ya 120 au ya 140? Kisa cha kununua asilimia 80 ya kampuni

Kisa hiki ni cha kufundishia. Tarehe 1 Januari ya mwaka wa kwanza, kampuni tutakayoiita Mama ilinunua asilimia 80 ya hisa za kampuni tutakayoiita Tanzu, na siku hiyohiyo ikashika udhibiti wake. Ililipa 340 taslimu. Iliahidi pia kulipa 50 nyingine baada ya miaka mitatu, endapo mauzo ya Tanzu yatafikia kiwango kilichotajwa kwenye mkataba. Wanasheria na wathamini waliosimamia ununuzi walilipwa 8. Mizania ya Tanzu yenyewe, siku ya ununuzi, ilionyesha mali halisi ya 255, yaani mali zote ukiondoa madeni yote. Namba zote ni milioni, na kodi ya mapato ni asilimia 30.

Swali ni moja: gudwili, yaani thamani iliyolipiwa zaidi ya mali zinazotambulika ukitoa madeni, ni kiasi gani, na baada ya miaka miwili imebaki kiasi gani?

Wanafunzi wengi huanza hivi: Mama imetumia 340 na 8, jumla 348. Asilimia 80 ya 255 ni 204. Tofauti ni 144, basi gudwili ni 144. Hesabu hiyo imekosewa karibu kila mahali. Ubaya wake ni kwamba 144 iko jirani sana na moja ya majibu sahihi, kwa hiyo haimshtui anayeikagua. Makosa yake yamevutana kuelekea pande tofauti na kwa bahati yakakaribia kufutana. Ndiyo maana katika somo hili sipendi kusahihisha jibu la mwisho peke yake. Nataka kuona kila namba ilikotoka.

Gudwili ni kinachobaki

Chini ya IFRS 3, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu ununuzi wa kampuni, gudwili haipimwi moja kwa moja. Hakuna mthamini anayeitwa kuja kuikadiria. Unapima vitu vingine vyote, kisha tofauti inayobaki ndiyo gudwili. Upande mmoja unaweka malipo ya mnunuzi pamoja na sehemu ya wanahisa wachache waliobaki na asilimia 20. Upande wa pili unaweka mali zinazotambulika ukitoa madeni yaliyochukuliwa. Kila kosa katika kupima vitu hivyo linaangukia kwenye gudwili na kukaa humo bila kelele. Ukisahau mali ya 30, gudwili inavimba. Ukisahau deni la 30, inasinyaa. Mizania italingana vilevile.

Tuanze na malipo. Zile 340 hazina utata. Ada ya 8 haimo: wanasheria na wathamini walimhudumia mnunuzi, na walicholipwa si sehemu ya thamani aliyopokea muuzaji. Ada hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya mwaka. Kabla ya IFRS 3 kufanyiwa marekebisho mwaka 2008, gharama za namna hii zilijumuishwa kwenye bei ya ununuzi, na vitabu vya zamani vya mazoezi bado vina majibu ya aina hiyo.

Ahadi ya 50 ni jambo jingine. Haijulikani kama italipwa, lakini muuzaji alikubali 340 kwa sababu ahadi hiyo ilikuwepo. Ilikuwa sehemu ya bei. Kwa hiyo inaingizwa kwa thamani yake ya haki, yaani bei ya soko kati ya watu huru, siku ya ununuzi, ikizingatia uwezekano wa mauzo kufika kiwango na muda wa kusubiri malipo. Wathamini waliikadiria kuwa 20. Malipo ni 360.

Kilichonunuliwa

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mizania ya Tanzu ilikuwa na majengo na mitambo 175, bidhaa ghalani 60, wadaiwa 90, fedha taslimu 30, na gudwili 25 iliyotokana na biashara ndogo ambayo Tanzu iliinunua zamani. Madeni yalikuwa 125. Ndipo inapatikana ile 255.

Ile gudwili ya 25 inaondolewa kabla ya jambo jingine lolote. Ni mabaki ya bei ambayo Tanzu ililipa katika mapatano mengine, na watu wengine. Kama bado ina thamani yoyote, Mama imeilipia ndani ya 360 na itajitokeza yenyewe kwenye mabaki mapya. Ukiiacha, utakuwa umeihesabu gudwili kama mali inayotambulika, na gudwili haitambuliki peke yake kwa maana yenyewe ya kanuni. Tunabaki na 230.

Baada ya hapo wathamini walileta mambo manne. Majengo yalikuwa na thamani ya haki iliyozidi ile ya vitabuni kwa 20. Nembo ya biashara, ambayo Tanzu iliijenga yenyewe na kwa hiyo haikuruhusiwa kuiweka kwenye mizania yake, ilithaminiwa 30. Mikataba na uhusiano na wateja ilithaminiwa 60. La nne ni kesi mahakamani: mteja wa zamani anaidai Tanzu, na wanasheria walisema uwezekano wa kushindwa ni mdogo, kwa hiyo Tanzu haikuweka deni lolote. Thamani ya haki ya dhima hiyo ilikadiriwa kuwa 10.

Nembo na wateja vinaingia mizania ya kundi, yaani Mama na Tanzu kwa pamoja, ingawa havikuwa kwenye mizania ya Tanzu, kwa sababu vinakidhi moja kati ya masharti mawili: ama vimetokana na haki ya kisheria au ya kimkataba, ama vinaweza kutenganishwa na kampuni na kuuzwa. Wafanyakazi hodari hawaingii. Kampuni haiwamiliki wala haiwezi kuwauza, na thamani ya kuwapata wakiwa tayari wamekusanyika na wanajua kazi inabaki ndani ya gudwili.

Kesi ndiyo inayowatatiza wengi. Katika hesabu za kawaida, deni ambalo huenda lisilipwe halitambuliwi; linatajwa kwenye maelezo tu. Katika ununuzi wa kampuni, kama wajibu upo tayari siku hiyo na unaweza kupimwa, unaingizwa hata kama uwezekano wa kulipa ni mdogo. Sababu yake inaeleweka ukijiweka mahali pa mnunuzi: kesi ilipunguza bei aliyokuwa tayari kutoa. Uwezekano wa kushindwa tayari umo ndani ya kipimo cha 10. Haurudi tena kama kizuizi cha kuitambua.

Jumla ya marekebisho ni 20 na 30 na 60, kutoa 10, yaani 100. Lakini hatuongezi 100 kwenye 230, kwa sababu kuna kodi.

Mamlaka ya kodi haijali kwamba Mama imenunua hisa. Kwa hesabu za kodi, Tanzu inaendelea na thamani zake za zamani. Nembo ya 30 na wateja wa 60 havitaipa punguzo lolote la kodi, lakini mapato yatakayotoka humo yatatozwa. Kwa hiyo tofauti kati ya thamani mpya na ile ya kodi inazaa kodi iliyoahirishwa: asilimia 30 ya 100, yaani deni la 30. (Tunachukulia kwamba malipo ya kesi, yakitokea, yatapunguza mapato ya kutozwa kodi, ndiyo maana 10 imetolewa kabla ya kupiga asilimia.) Mali halisi zinazotambulika ni 230, jumlisha 100, toa 30: 300.

| | Milioni |
|---|---|
| Mali halisi katika vitabu vya Tanzu | 255 |
| Gudwili ya zamani | (25) |
| Majengo | 20 |
| Nembo | 30 |
| Wateja | 60 |
| Dhima ya kesi | (10) |
| Kodi iliyoahirishwa | (30) |
| Mali halisi zinazotambulika | 300 |

Deni hili la kodi linaongeza gudwili, na mwanafunzi makini ataona jambo la ajabu kidogo: sehemu ya gudwili haitokani na wateja waaminifu wala na ushirikiano wa biashara mbili, bali na ufundi wa kodi. Ni kweli. Kisha atauliza kwa nini gudwili yenyewe haizai kodi iliyoahirishwa, wakati nayo kwa kawaida haina thamani upande wa kodi. IAS 12, kiwango cha kodi ya mapato, inakataza, na sababu mojawapo ni ya kihesabu: deni la kodi juu ya gudwili lingepunguza mali halisi, gudwili ingepanda, deni lingepanda tena, na kila mzunguko ungeongeza namba pande zote mbili za mizania bila kumwambia msomaji jambo jipya.

Asilimia 20 ambayo haikununuliwa

Mama inadhibiti Tanzu yote, kwa hiyo mali zote za 300 zinaingia hesabu za kundi. Lakini asilimia 20 ni ya watu wengine, na sehemu yao lazima ipimwe. IFRS 3 ya mwaka 2008 inatoa njia mbili, na uchaguzi unafanywa kwa kila ununuzi peke yake. Sheria za Marekani hazitoi uchaguzi huo. Huko ni njia ya pili tu.

Njia ya kwanza inawapa wanahisa wachache sehemu yao ya mali zinazotambulika: asilimia 20 ya 300, yaani 60. Gudwili ni 360, jumlisha 60, toa 300: 120. Katika hesabu za kundi tunadebiti mali halisi 300 na gudwili 120, kisha tunakrediti uwekezaji wa Mama 360 na wanahisa wachache 60. Gudwili hii ni ya Mama peke yake.

Njia ya pili inawapima wanahisa wachache kwa thamani ya haki ya hisa zao. Hisa za Tanzu zinauzwa sokoni, na kwa bei ya siku hiyo asilimia 20 ilikuwa na thamani ya 80. Gudwili ni 360, jumlisha 80, toa 300: 140. Sasa tunayo gudwili yote ya Tanzu. 120 ni ya Mama na 20 ni ya wanahisa wachache.

Angalia mgawo huo. Si asilimia 80 kwa 20. Mama ilitoa 4.5 kwa kila asilimia moja ya hisa, wakati soko linathamini hisa za wachache kwa 4. Hiyo nusu ya ziada ni bei ya udhibiti: uwezo wa kuteua bodi, kupanga gawio, kuunganisha idara. Mwenye asilimia 20 hana uwezo huo, na hisa zake haziwezi kubebeshwa bei yake.

Kwa sababu hiyo, mkato ambao nauona tena na tena kwenye majibu, wa kugawa 360 kwa asilimia 80 na kusema kampuni nzima ina thamani ya 450, ni kosa. Ungetoa gudwili ya 150, ambayo haitaonekana kwenye mizania yoyote. Ikumbuke namba hiyo, kwa maana katika hatua ya mwisho kanuni yenyewe itatulazimisha kuitumia.

Mwaka wa kwanza: mambo mawili yanayobisha mlango wa gudwili

Miezi michache baadaye mteja mmoja mkubwa wa Tanzu aliunguliwa na ghala na kusitisha mkataba. Mhasibu akapendekeza thamani ya wateja ipunguzwe kutoka 60 na gudwili ipandishwe, akisema bado wamo ndani ya miezi kumi na miwili.

Miezi hiyo kumi na miwili ipo kweli. Ni kikomo cha muda ambao mnunuzi anaruhusiwa kukamilisha vipimo alivyoviweka kwa muda. Lakini kinachoruhusiwa kurekebisha gudwili ni taarifa mpya kuhusu hali iliyokuwepo siku ya ununuzi. Kama mthamini angekamilisha kazi mwezi wa saba na kuonyesha kwamba uhusiano na wateja, kwa hali ya tarehe 1 Januari, ulikuwa 80 badala ya 60, tungeongeza mali 20, tungeongeza kodi iliyoahirishwa 6, na gudwili katika njia ya pili ingeshuka kwa 14. Takwimu za mwaka huo zingeandikwa kana kwamba tulijua tangu mwanzo. Moto wa ghala ni tukio la baadaye. Hasara yake ni ya kipindi moto ulipotokea, na gudwili haiguswi.

Jambo la pili lilikuwa la kheri. Mauzo ya nusu ya pili ya mwaka yalikwenda vizuri, uwezekano wa kulipa ile ahadi ya 50 ukapanda, na mwisho wa mwaka thamani yake ya haki ikawa 32. Deni limeongezeka kwa 12. Wengi hutaka kuongeza 12 kwenye gudwili, kwa hoja kwamba bei ya ununuzi imepanda. Haikupanda, bei ilipimwa siku ya ununuzi na hesabu hiyo ikafungwa. Ile 12 inakwenda kwenye faida na hasara kama matumizi. Matokeo yake yanashangaza mara ya kwanza: Tanzu imefanya vizuri, na Mama inaandika hasara. Kinyume chake ndicho cha kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Tanzu ikifanya vibaya, deni la ahadi linashuka na Mama inaandika mapato. Ukiona mapato ya aina hiyo kwenye hesabu za kampuni, swali linalofuata mara moja ni kama gudwili ya ununuzi uleule imepimwa upya.

Gudwili ikabaki 120 kwa njia ya kwanza na 140 kwa njia ya pili.

Mwisho wa mwaka wa pili

Chini ya kanuni kamili za IFRS, gudwili haifutwi kidogo kidogo kila mwaka. Utaratibu huo uliachwa kwa IFRS 3 ya mwaka 2004. IAS 22 iliyotangulia ilichukulia kwamba kwa kawaida maisha yake hayazidi miaka 20. Badala yake IAS 36, kiwango cha kushuka kwa thamani ya mali, inataka gudwili ipimwe angalau mara moja kwa mwaka kuona kama thamani yake imeshuka. Marekani ilifanya mageuzi kama hayo mwaka 2001, na AOL Time Warner ikatangaza kwa mwaka uliofuata hasara ya karibu dola bilioni 99, sehemu kubwa ikiwa ni gudwili iliyofutwa.

Gudwili haizalishi fedha peke yake, kwa hiyo inapimwa ikiwa ndani ya kitengo kinachozalisha fedha. Katika kisa chetu Tanzu yote ni kitengo kimoja. Tunalinganisha thamani ya vitabuni ya kitengo na thamani inayorejesheka, ambayo ni kubwa kati ya mbili: kile ambacho kingepatikana kwa kukiuza baada ya gharama, au thamani ya sasa ya fedha kitakazozalisha kikiendelea kutumika.

Mali za kitengo, bila gudwili, zilikuwa 290 vitabuni. Zimechaguliwa kulingana na fedha zilizomo kwenye makadirio, kwa hiyo mikopo na kodi ya mapato hazimo pande zote mbili. Makadirio yanasema kitengo kitaleta 40 mwaka ujao, na kiasi hicho kitakua kwa asilimia 2 kila mwaka. Kiwango cha punguzo ni asilimia 12, kabla ya kodi kama makadirio yenyewe. Thamani ya sasa ni 40 gawanya kwa asilimia 10, yaani 400, na kukiuza kusingeleta zaidi ya hapo. (Katika kazi halisi miaka ya mwanzo, isiyozidi mitano kwa kawaida, ingekadiriwa mmoja mmoja.)

Njia ya pili ni rahisi. Vitabuni ni 290 na 140, jumla 430. Kinachorejesheka ni 400. Hasara ni 30, nayo inaanza kuila gudwili kabla ya kugusa mali nyingine. Gudwili inabaki 110. Hasara inagawanywa kama faida inavyogawanywa, asilimia 80 kwa 20: Mama 24 na wanahisa wachache 6. Haigawanywi kwa uwiano wa gudwili yao, 120 kwa 20, ingawa wengi hudhani hivyo.

Njia ya kwanza ina mtego. Ukichukua 290 na 120 unapata 410, unalinganisha na 400, na unaandika hasara ya 10. Inaonekana safi kabisa. Lakini ile 400 ni fedha zitakazozalishwa na kitengo kizima, zikiwemo zinazotokana na gudwili ya wanahisa wachache, wakati gudwili uliyoweka upande wa pili ni ya Mama tu. Umepima kampuni nzima dhidi ya gudwili ya sehemu yake. Kwa hiyo IAS 36 inataka kwanza gudwili ikuzwe ifikie asilimia 100: 120 gawanya kwa asilimia 80. Ndiyo ile 150. Vitabuni inakuwa 440, hasara ni 40, na kwa kuwa asilimia 20 ya gudwili hiyo haipo kwenye mizania, tunaandika asilimia 80 tu: 32. Gudwili inabaki 88. Aliyesahau kukuza ameandika 10 mahali pa 32.

Kabla ya kuridhika na hasara yoyote kati ya hizi, rudi kwenye ile 400. Mtu abadilishe kiwango cha punguzo kutoka asilimia 12 hadi 11, mengine yote yabaki. Sasa 40 inagawanywa kwa asilimia 9 na kutoa karibu 444. Hakuna hasara hata senti, kwa njia zote mbili. Hii ndiyo sababu maelezo ya hesabu yanatakiwa kutaja kiwango kilichotumika, ukuaji uliodhaniwa, na ni badiliko gani la kawaida lingeweza kuzaa hasara. Mwanafunzi anayesoma mizania bila kusoma maelezo hayo hajaisoma gudwili.

Kuna njia nyingine ya hasara kutoweka, na kwangu ni mbaya zaidi kwa sababu haihitaji kugusa dhana yoyote. Tuseme Mama ina biashara yake ya zamani iliyojengwa kwa miaka mingi, ambayo thamani yake inazidi ile ya vitabuni kwa 70. Ziada hiyo haipo kwenye mizania kwa kuwa gudwili ya kujijengea mwenyewe haitambuliwi. Sasa Mama iseme kwamba Tanzu na biashara hiyo zinasimamiwa pamoja, na gudwili ipimwe kwenye kundi la vitengo viwili. Ziada ya 70 inameza upungufu wa 40 na kubaki na 30. Tanzu imeshuka, gudwili iko palepale. IAS 36 inaweka mipaka: gudwili ipimwe katika ngazi ya chini kabisa ambayo uongozi unaifuatilia, na isizidi sehemu moja ya biashara inayoripotiwa kiutendaji. Lakini anayeamua ngazi ya kufuatilia ni uongozi wenyewe. Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu ililijadili tatizo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2022 iliamua kutorudisha ufutaji wa kila mwaka, na Machi 2024 ikatoa rasimu ya mabadiliko inayogusa, pamoja na mengine, namna gudwili inavyogawiwa kwenye vitengo. Mkaguzi ana ushahidi mzuri karibu naye: ripoti ambazo bodi ya wakurugenzi inasomewa kila robo mwaka. Kama ripoti hizo zinaonyesha matokeo ya Tanzu peke yake na kuyalinganisha na ahadi zilizotolewa wakati wa ununuzi, dai la kwamba gudwili inafuatiliwa katika ngazi ya juu zaidi halina miguu.

Hasara ikishaandikwa, hairudi. Tanzu ikipata nafuu mwaka wa nne, gudwili haipandishwi, kwa sababu ongezeko hilo lingekuwa gudwili mpya iliyojengwa ndani.

Limebaki jambo moja: kwa nini wanahisa wa Mama wamebeba 32 kwa njia ya kwanza na 24 kwa njia ya pili, ilhali Tanzu ni ileile? Tofauti ya 8 ni asilimia 80 ya 10, na hiyo 10 ni pengo kati ya 150 na 140. Kukuza gudwili kwa kugawa kwa asilimia 80 kuliwabebesha wanahisa wachache bei ya udhibiti wasiyoilipa, na gudwili hiyo ya kufikirika ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Ila pengo hilo halijirudii. Baada ya hasara, kuza 88 kwa asilimia 80 na utapata 110, sawa kabisa na gudwili iliyobaki katika njia ya pili. Mwaka wa tatu kinachorejesheka kikishuka kwa 20 zaidi huku mali nyingine zikibaki 290, njia ya kwanza itaandika 16, na njia ya pili itaandika 20, ambazo 16 ni za Mama. Sawasawa. Na siku Mama itakapoiuza Tanzu, ile 8 iliyoepukwa itajitokeza. Baada ya hasara ya mwaka wa pili, gudwili upande wa Mama ni 88 katika njia ya kwanza. Katika njia ya pili ni 110 ukitoa 14 ya wanahisa wachache, yaani 96. Kwa bei ileile ya kuuzia, faida ya Mama katika njia ya pili itakuwa pungufu kwa 8. Ishirini na nne na nane ni thelathini na mbili.